Valvu ya umeme kwa tangi la mita tatu, Mambrui: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

KiungaMambrui

Salaam aleikum wenzangu. Nina kibustani nyuma ya nyumba hapa Mambrui: mchicha, mabamia na mistari michache ya nyanya. Maji yanatoka kwenye tangi la lita 1000 lililo juu ya mnara wa mawe, na tako la tangi liko mita tatu kutoka ardhini. Bomba la nusu inchi linashuka mpaka chini, kisha linagawanyika kwenye mipira ya matone.

Kazi yangu iko Malindi mjini, natoka alfajiri na kurudi magharibi. Nataka taima ifungue maji saa kumi na mbili asubuhi, iyafunge baada ya nusu saa, basi. Umeme nitautoa kwenye betri ya sola ya 12V ambayo sasa inawasha taa za nje. Kutoka betri hadi mguu wa mnara ni mita 25.

Dukani nimeonyeshwa valvu tatu. Ya kwanza ni ya plastiki nyeupe, kama ile ya mashine ya kufulia, 12V DC, na ubavuni imeandikwa 0.02–0.8MPa. Ya pili ni nyeusi, pana, ile wanayotumia kwenye bustani za mahoteli, 24V AC, na karatasi yake inasema 1–10 bar. Ya tatu ni ya shaba ya manjano yenye koili kubwa, ipo ya 220V AC na ya 12V DC, imeandikwa 0–1.0MPa. Muuzaji anasema zote ni NC, yaani bila umeme hukaa zimefungwa, na zote ni sawa, tofauti ni bei tu. Wajuzi mwasemaje?

NahodhaMuyeye

Chukua ile nyeusi usijisumbue. Nimefanya kazi kwenye mahoteli ya Casuarina, bustani zote zina hizo na zinakaa miaka. Na 10 bar ndiyo nguvu, valvu yenye namba kubwa haipasuki. Hayo ya NC muuzaji kasema kweli, hakikisha tu ni NC. Stima ikipotea inajifunga yenyewe, hutakuta tangi tupu na nyanya zimeoga mpaka shingoni.

ZuhuraPampu

Nahodha, kwenye NC nakuunga mkono moja kwa moja. Kwenye ile nyeusi hapana, na sababu ni namba ambayo hukuitaja.

Kaka Kiunga, karatasi ina namba mbili. Ile ya juu inakuambia valvu itavumilia presha gani kabla haijaharibika. Ile ya chini inakuambia inahitaji presha gani ndipo ifanye kazi. Mtu wa hoteli ana pampu, presha yake ni bar mbili, tatu au nne, kwa hiyo namba ya chini haimgusi kabisa. Wewe una tangi, na kwa mtu wa tangi namba ya chini ndiyo inayoamua kila kitu.

Huhitaji geji kujua presha yako. Chukua futi ya fundi, pima kimo kutoka pale valvu itakapokaa hadi usawa wa maji ndani ya tangi. Kila mita moja ni bar 0.1. Tako lako liko mita tatu, na tangi la lita 1000 likijaa maji yanapanda mita moja na kitu zaidi. Kwa hiyo tangi likijaa una kama bar 0.4, na likikaribia kuisha una bar 0.3. Valvu nyeusi inataka bar 1 ndipo ifunguke sawasawa. Kwa lugha ya mnara, inataka maji yawe mita kumi juu. Labda uende ukaombe kulipandisha tangi lako juu ya mnara wa simu.

Mpwani_Tu

😂😂 Mnara wa simu! Na bomba la mji lenyewe likija usiku wa manane nani atapanda kuangalia kama limejaa?

NahodhaMuyeye

Dada Zuhura, mbona basi koili inavuta? Umeme ndio unaofungua, si maji. Nimeziona zikifunguka "tak!" hata bomba likiwa kavu.

ZuhuraPampu

Unasikia "tak" kwa sababu kijiti cha chuma ndani ya koili kimepanda. Kwenye valvu za aina ile kijiti hicho hakifungui njia ya maji. Kinafungua kitundu kidogo tu, kama cha sindano. Njia kubwa imezibwa na mpira wa duara, na mpira huo unakandamizwa na maji yenyewe yaliyokaa juu yake. Kitundu kikifunguka, maji ya juu ya mpira yanatoroka, halafu maji ya bomba yanausukuma mpira kutoka chini, ndipo njia kubwa inafunguka. Umeme umefanya kazi ya kitoto, kazi ya kiume imefanywa na presha ya maji. Ndiyo maana koili zake ni ndogo na hazili umeme mwingi. Presha isipokuwepo utasikia "tak" safi kabisa, na maji yatatoka kama machozi.

Ile ya shaba ya kaka Kiunga, kama kweli ni ya kuanzia 0, kijiti kimeunganishwa na mpira. Kikipanda kinaunyanyua mpira wenyewe, maji yasaidie yasisaidie. Gharama yake ni koili nene na umeme mwingi. Hizo za nusu inchi za 12V mara nyingi zina koili ya wati 18 hivi, yaani ampea moja na nusu.

KiungaMambrui

Shukran dada. Nimeelewa kuhusu nyeusi. Lakini ile ya plastiki inasema 0.02MPa. Nikipiga hesabu hiyo ni bar 0.2, yaani mita mbili, na mimi nina tatu mpaka nne. Si inanitosha? Inakula umeme kidogo na bei yake inapendeza.

ZuhuraPampu

Hesabu yako ni sahihi, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Ile bar 0.2 si presha ya kwenye bomba. Ni tofauti kati ya upande wa kuingilia na upande wa kutokea wa valvu, wakati maji yanapita. Ukiiweka mdomo wazi, maji yakimwagika ardhini, upande wa kutokea hauna kitu, kwa hiyo valvu inapata tofauti yote. Itafunguka.

Lakini wewe huko mbele una mipira ya matone. Matone yanazuia maji, upande wa kutokea nao unajaa na kuanza kurudisha presha. Ukiwa na bar 0.35 kabla ya valvu na bar 0.25 baada yake, valvu imebakiwa na 0.1 tu. Mpira wa ndani unarudi chini nusu njia. Haufungi kabisa, hauachii kabisa. Mistari ya mwanzo inapata maji, ya mwisho inabaki mikavu, na wewe unalaumu mipira ya matone.

Na kuna upande wa pili watu hawauulizi: kufunga. Mpira huo huo hukandamizwa na presha hiyo hiyo. Presha ikiwa ndogo, unakaa kwa ulegevu. Punje moja ya mchanga inatosha kuufanya udondoshe usiku kucha.

MzeeWaShela

Assalaam aleikum. Mimi niko Lamu, Shela. Nimesoma mambo ya kufunga nikaona hapa ndipo penyewe. Kiunga, kwani hujafikiria kuweka boya ndani ya tangi? Boya linafunga maji lenyewe bila umeme wala sola.

Yangu mimi ni hivi. Natunza bustani ya nyumba ya wageni. Maji ni ya kisima, yana munyu kidogo, pampu inasukuma na geji inasoma kati ya bar 2 na 3. Nina valvu nyeusi kama hiyo ya Nahodha, 24V. Ilikuwa nzuri, sasa haifungi. Taima inazima, koili nimeigusa imepoa, lakini maji yanaendelea kupita kwenye miti ya mwarobaini. Nimebadilisha koili, hali ni ile ile.

KiungaMambrui

Wa aleikum salaam mzee wangu. Boya linazuia tangi lisifurike, hilo ninalo tayari. Swali langu ni kutoka tangini kwenda bustanini.

MzeeWaShela

Haya, nimekuelewa sasa. Basi nijibiwe mimi.

ZuhuraPampu

Shikamoo mzee. Wewe presha unayo, kwa hiyo valvu uliyonayo ndiyo sahihi kwako, na hapo Nahodha angekushauri vizuri. Koili kubadilisha hakuwezi kusaidia: NC ikishakosa umeme koili imemaliza kazi yake, kufunga ni kazi ya springi na maji. Valvu isipofunga, ugonjwa uko chini ya koili.

Funga maji ya pampu, fungua skrubu za juu, unyanyue kifuniko polepole usipoteze springi. Utaona ule mpira wa duara. Una kitundu chembamba cha kupitisha maji kwenda juu yake. Kikizibwa na mchanga wa Shela, maji hayafiki juu, hakuna cha kuukandamiza, valvu inabaki wazi. Kisafishe kwa uzi wa plastiki, usitumie msumari, ukikipanua umeharibu mpango wote. Angalia pia pale mpira unapokalia, kama kuna punje au mkwaruzo. Baada ya hapo weka chujio kabla ya valvu, la matundu 120 kwa inchi. Bila chujio utaifungua tena kabla ya kusi kuisha.

NahodhaMuyeye

Mzee, na mshale je? Tuliwahi kuletewa kibarua akaigeuza, ikawa haifungi hata kidogo.

ZuhuraPampu

Nahodha ana haki. Ikikaa kinyume na mshale, maji yanausukuma mpira kutoka upande usiowahi kukandamizwa, yanapita tu. Lakini ya mzee ilikuwa ikifanya kazi zamani, kwa hiyo naanza na mchanga.

KiungaMambrui

Turudi kwangu kidogo jamani. Kwa hiyo ya shaba. Sasa 220V au 12V? Muuzaji anasema 220V haina usumbufu wa betri na taima zake za kuchomeka kwenye soketi ni rahisi.

ZuhuraPampu

Ni rahisi mpaka siku waya umelowa na mtoto yuko bustanini bila viatu. Mimi sipeleki 220 kwenye matope kama 12 inaweza kufanya kazi. Na usichanganye DC na AC kwa kuwa namba zinakaribiana. Koili ya 24V AC ukiipa 24 ya DC inavuta umeme kuliko ilivyopangiwa, inaungua. Koili ya DC ukiipa AC inanguruma, kijiti kinatetemeka na hakishiki vizuri.

Chukua 12V DC, lakini fanya hesabu ya waya kabla hujatoka dukani. Unakusudia kutumia waya gani?

KiungaMambrui

Ninao ule mwembamba wa 0.75, ulibaki kwenye taa. Mita 25 zinatosha kabisa.

ZuhuraPampu

Zinatosha kwa urefu. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo waya wako ni mita 50. Shaba ya 0.75 kwa mita 50 ina ukinzani wa kama omu 1.2. Koili ya wati 18 kwa volti 12 ni omu 8. Betri ikiwa na volti 12 kamili, volti 1.5 zinapotelea njiani na koili inapata 10.5. Koili nyingi zinakubali kupungua asilimia kumi, yaani mpaka 10.8. Wewe uko chini ya hapo, tena saa kumi na mbili asubuhi baada ya taa kuwaka usiku kucha, ambapo betri iko katika hali yake mbaya kuliko zote. Siku nyingine itanyanyua, siku nyingine itapata joto tu bila kunyanyua. Ubovu wa aina hiyo unatesa, kwa sababu ukirudi jioni kuijaribu, betri imejaa na inafanya kazi.

Tumia waya wa 2.5. Ukinzani unashuka hadi omu 0.35, koili inapata 11.5. Au sogeza betri karibu na mnara.

Mwalimu_Gede

Na je sola ikichaji? Betri yangu mchana inafika 14.4.

ZuhuraPampu

Hapo ni kinyume chake, koili inapata moto. 14.4 badala ya 12 ni moja ya tano zaidi kwa volti, lakini joto linazidi kwa zaidi ya asilimia arobaini. Ile ya wati 18 inakuwa kama wati 26. Kwa nusu saa itavumilia, ingawa hutataka kuishika. Kwa saa nzima ya adhuhuri kwenye jua la Malindi mimi singeiacha. Kumwagilia alfajiri kunamfaa Kiunga pande zote mbili.

Na hapa ndipo NC inapomfaa zaidi ya ile sababu ya stima kupotea. Anamwagilia nusu saa kwa siku, kwa hiyo koili inakula umeme nusu saa: wati 18 kwa nusu saa ni wati-saa 9, haifiki hata ampea-saa moja ya betri. Angechukua ile ya kukaa wazi, koili ingewaka saa ishirini na tatu na nusu kwa ajili ya kuzuia maji tu. Betri ndogo ingekwisha kabla ya siku ya pili.

Mwalimu_Gede

Mimi ningemshauri aachane na koili kabisa, achukue valvu ya mota, ile yenye tufe ndani linalozunguka. Haitaki presha yoyote, njia yake ni pana, na inakula umeme wakati wa kuzunguka tu, sekunde chache. Yangu inamwagilia miche shuleni kutoka pipa lililo juu ya meza.

ZuhuraPampu

Kwa presha ndogo ni kitu kizuri, sikatai. Swali langu kwako mwalimu: umeme ukikatika ikiwa wazi, inakuwaje?

Mwalimu_Gede

Zipo zenye hifadhi ndogo ya umeme ndani, zinajifunga zenyewe zikikosa umeme. Yangu ni ya kawaida, inabaki pale ilipo. Lakini pipa langu ni la lita 200, likimwagika lote miche inafurahi.

ZuhuraPampu

Kiunga ana lita 1000 na maji ya kungojea. Na gia zile ndogo katika hewa hii ya munyu bado sijaziamini. Wewe yako iko ndani ya banda.

Mwalimu_Gede

Koili nazo zinaota kutu, fundi. Tusizisingizie gia peke yake.

ZuhuraPampu

Haya, hapo tusikubaliane. Kaka Kiunga, jambo moja kabla hujalipa. Maandishi ya 0 ubavuni usiyaamini peke yake, yanapigwa hata kwenye zisizostahili. Nenda na betri ndogo ya 12V na kipande cha mpira wa maji. Chomeka mpira upande wa kuingilia, kufuatana na mshale. Kwanza puliza bila umeme: pumzi isipite kabisa, hapo umejua ni NC na inaziba. Kisha unganisha betri, upulize tena. Pumzi ikipita kwa wepesi, mpira umenyanyuliwa na kijiti, ni ya kuanzia 0 kweli. Ukisikia "tak" lakini pumzi inapenya kama kwenye mrija wa soda uliobanwa, hiyo inategemea presha ya maji, irudishe. Pumzi ya mtu ni dhaifu kuliko tangi lako, kwa hiyo ikipita kwa pumzi itapita kwa maji.

KiungaMambrui

Nimerudi wenzangu. Muuzaji alinitazama kama mwendawazimu lakini aliniachia. Ya plastiki: "tak", na pumzi ikapenya kwa shida kama ulivyosema. Za shaba alikuwa nazo mbili zinazofanana kwa sura na maandishi. Moja ilipitisha pumzi vizuri, ya pili ilikuwa kama ya plastiki! Zote zimeandikwa 0–1.0MPa. Nimechukua ile ya kwanza, na mita 50 za waya wa 2.5, yaani mita 25 za nyuzi mbili. Chujio pia.

Nimeifunga jana. Mistari yote inapata maji, ingawa ule wa mwisho ni mdogo kuliko wa kwanza tangi likiwa chini ya nusu. Koili inapata volti 11.4 ikiwa imewaka.

ZuhuraPampu

Hiyo 11.4 ni nzuri. Huo mstari wa mwisho sasa si kosa la valvu, ni mita tatu zako. Mipira mingi ya matone hutengenezwa kwa bar 1, kwa hiyo kwako inatoa pungufu. Jaribu kuingiza maji katikati ya bustani badala ya mwanzoni, kila upande uwe mfupi. Na hakikisha taima ina diodi kwenye nyaya za koili. Koili ikizimwa hurusha volti za ghafla zinazokula swichi ndogo za taima. Kama haina, fundi redio yeyote atakuwekea, mstari mweupe uelekee kwenye chanya.

NahodhaMuyeye

Haya, ya shaba imeshinda. Lakini kwa mwenye pampu bado nasema nyeusi.

ZuhuraPampu

Kwa mwenye pampu, nami nasema hivyo hivyo.

MzeeWaShela

Nimeifungua. Kitundu kilikuwa kimezibwa na mchanga mweupe, nimekisafisha kwa uzi wa kuvulia. Sasa inafunga, lakini bado yadondoka tone moja moja. Pale mpira unapokalia naona kama pameliwa, pana vijishimo. Valvu hii ni ya plastiki lakini sehemu hiyo ni ya chuma. Ni munyu? Nikinunua ya shaba italiwa vile vile?

ZuhuraPampu

Mzee, piga picha pale penye vijishimo, karibu kabisa, na uniambie maji ya kisima yana munyu kiasi gani ukiyaonja masika na ukiyaonja kaskazi. Shaba ya manjano kwenye maji ya munyu nayo huliwa, lakini polepole, na inategemea. Ningependa kuona kwanza kabla hujatoa pesa.

Mwalimu_Gede

Mzee, valvu ya mota yenye tufe la chuma cha pua. Nimesema tu.